Vumbi la Dodoma na sakafu ya lamineti: glasi nusu ya maji inatosha

*"Shikamoo fundi. Nimepanga nyumba Ilazo, sebule ina sakafu ya mbao zile za lamineti, na mwenye nyumba kanikataza kupiga deki ya maji. Lakini vumbi linaingia kutwa, mtoto kamwaga juisi ya ubuyu ikakaukia karibu na kochi, na viti vya mezani vimeacha alama nyeusi. Nikifuta kwa kitambaa kikavu hazitoki. Nisafishe vipi bila kuiharibu?"*

Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba wako amekuambia kweli, ila hakukumalizia. Sakafu hiyo haikatai maji kabisa, inakataa maji yanayosimama. Ukijua maji hupita wapi kuingia ndani ya ubao, mengine yote yatakuwa rahisi.

Ubao wa lamineti kwa juu una ngozi ngumu ya plastiki, na chini ya ngozi hiyo kuna karatasi yenye picha ya mbao. Maji hayapiti hapo. Mwaga tone katikati ya ubao, rudi baada ya dakika tano, utalikuta limekaa vilevile. Lakini kiini cha ubao ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na unga huo unaonekana wazi kwenye kingo, pale ubao mmoja unapobanwa na mwenzake. Maji yakiteremka kwenye kiungo, unga unayanywa na kuvimba. Ukishavimba haurudi, hata ungeukausha mwezi mzima. Mbao halisi zilizopakwa vanishi, mninga kwa mfano, huvumilia kidogo zaidi, maana zikikunjamana kwa maji mara nyingine hutulia zikikauka polepole. Lamineti haina msamaha huo.

Hapa kwetu kuna jambo watu wengi hulielewa kinyume. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, hewa ya Dodoma ni kavu mno na sakafu iliyolowana hukauka mara moja, kwa hiyo mtu anajiambia kwamba maji hayana madhara. Kinachokauka ni cha juu tu. Katika ukavu huo huo mbao husinyaa kidogo na viungo huachia, na ukipitisha ukucha juu ya kiungo utausikia ufa mwembamba. Ina maana miezi ambayo sakafu inakauka haraka ndiyo miezi ambayo milango yake ya chini imefunguka zaidi. Maji ya juu hukauka, ya kwenye ufa hubaki.

Kwa hiyo weka ndoo kando. Kwa sebule ya mita nne kwa tano, ninachotumia mimi hakizidi glasi nusu ya maji.

Tafuta chupa ya kupulizia, ile ya kupigia pasi, na vitambaa vinne vya maikrofaiba. Kama huna vya maikrofaiba, fulana kuukuu za pamba zilizofuliwa zikaisha sabuni zinafaa. Kitambaa kimoja kifunge kwenye ubapa wa dekio au kwenye kichwa cha ufagio laini, ili usiiname chumba kizima.

Kazi ya kwanza haina maji hata kidogo. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko vanishi yoyote. Ukilowesha kabla ya kuliondoa, unapata tope jepesi, na tope hilo hufanya mambo mawili kwa pamoja: linakwaruza kama msasa na linajaza viungo. Baada ya wiki chache utaona mistari ya rangi ya kahawia kati ya ubao na ubao, na mistari hiyo haitoki kwa kufuta. Basi anza na kitambaa kikavu kabisa kwenye dekio. Anzia pembe iliyo mbali na mlango, sukuma kufuata urefu wa mbao, na usiinue dekio katikati ya safari, kwani ukiliinua vumbi ulilolikusanya linaanguka. Ukifika mlangoni, kitambaa kikung'ute nje. Ufagio wa chelewa uache uani. Unabeba takataka kubwa lakini vumbi laini unalirusha tu hewani, na jioni linarudi kukaa palepale. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, tumia kichwa chenye brashi laini na uzime ile brashi inayozunguka.

Hatua hii ya ukavu ifanye kila siku. Ya unyevu inatosha mara moja au mbili kwa wiki. Nyumba nyingi ninazoitwa kwenda kuangalia sakafu iliyoharibika, tatizo lake ni kwamba deki ya maji ilipigwa kila asubuhi, kama kwenye sakafu ya saruji au marumaru.

Sasa unyevu. Jaza chupa maji nusu lita. Maji yetu ya visima mengi ni magumu, unayajua kwa ule ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huohuo hubaki sakafuni kama utando wa ukungu. Sabuni ya kipande au ya unga ikikutana na maji ya namna hiyo huongeza utando wake juu. Kwa kuwa unahitaji maji machache hivi, huna sababu ya kutumia magumu: chukua maji ya kunywa ya chupa, au ya mvua uliyokinga masika na kuyachuja. Siku za kawaida usitie chochote. Kukiwa na mafuta, kwa mfano karibu na meza ya chakula, tia matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye nusu lita hiyo. Matone mawili, sio kijiko. Povu likionekana sakafuni, umezidisha.

Pulizia kitambaa, usipulizie sakafu. Hilo nalishikilia sana, kwa sababu ukipulizia sakafu baadhi ya matone yataangukia kwenye viungo na kukaa hapo wakati wewe unafuta kwingine. Mibonyezo kumi kwa kitambaa kimoja inatosha. Halafu kikunje na ukikamue kwa nguvu zako zote: tone likidondoka, kimelowa mno, kipepee kidogo kwanza. Futa eneo la mita moja kwa mbili hivi, kufuata urefu wa mbao, kisha papo hapo pitisha kitambaa cha pili kilicho kikavu. Kipimo changu ni hiki: ukigeuza kichwa na kuangalia ulikotoka, usione mng'ao wa maji baada ya dakika moja. Ukiuona bado, punguza mibonyezo.

Upande mmoja wa kitambaa ukishakuwa wa kahawia, geuza. Pande zote zikichafuka, chukua kingine. Huu ndio uzuri wa kutokuwa na ndoo, kwamba maji yako hayachafuki hata mara moja. Mwenye ndoo, baada ya chumba nusu, anapaka tope alilolitoa pembe ya kwanza. Wewe kila mpulizo ni maji safi. Chumba chako kitakula mibonyezo mia moja hivi, ambayo kwa chupa nyingi ni kama mililita mia moja.

Kuhusu ubuyu. Juisi ya ubuyu inakupa vitu viwili kwa wakati mmoja, sukari na unga wa tunda, na ile nyekundu ya dukani ina rangi juu yake. Sukari iliyokauka haiondoki kwa kukwaruza kwa kitambaa kikavu, na ndiyo maana umeshindwa, lakini inayeyuka kwenye maji yenye uvuguvugu kwa urahisi sana. Inahitaji muda tu, haihitaji wingi.

Mwaka jana niliitwa nyumba moja mtaa wa Kisasa kwa doa la namna hiyohiyo, la ukubwa wa sahani, limekaa siku tatu. Dada wa kazi alikuwa ameshamwagia maji ya sabuni akaanza kusugua kwa waya wa sufuria. Doa lilikuwa limepungua nusu, lakini pale waya ulipopita ngozi ya juu ilikuwa imepoteza mng'ao, na ukiangalia kwa mwanga wa dirishani unaona kiraka cheupe kama unga. Doa nililitoa, kiraka kile sikuweza, na kipo hadi leo chini ya zulia. Kwa hiyo zingatia hatua zenyewe.

Kwanza futa vumbi kavu kuzunguka doa, maana vitu vinavyonata hukusanya mchanga na mchanga huo usiusugue. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, kisha ukikamue mpaka kisitoe tone. Kikunje mara mbili kiwe na ukubwa wa doa, usizidishe, na ukilaze juu yake kwa dakika moja hadi mbili. Kama doa limevuka kiungo, shughulikia upande mmoja kwanza kisha mwingine, na pale kwenye kiungo chenyewe usilaze kitambaa, futa tu. Kinyanyue, futa kuanzia nje kuelekea katikati ili doa lisitambae. Utaona limelainika na kuwa kama gundi ya ugali. Sasa chukua kadi ya plastiki kuukuu, ilaze karibu sambamba na sakafu, na uusukume ule utelezi kufuata urefu wa mbao. Usiisimamishe kadi kama kisu. Kausha. Rudia mara mbili au tatu kwa sehemu safi ya kitambaa. Doa la Kisasa lilitoka kwa mara ya nne.

Wengi huishia hapo wakiona hakuna kitu tena, na kesho yake kunatokea duara jeusi palepale. Hiyo ni sukari iliyobaki, isiyoonekana, ambayo imekamata vumbi la usiku mmoja. Hivyo doa likishatoka, futa tena kwa kitambaa safi chenye maji matupu, kausha, kisha gusa kwa mgongo wa vidole vilivyo vikavu. Kama vinashikwa hata kidogo, rudia.

Ikibaki rangi ya waridi baada ya unato kuisha, tia spiriti kidogo kwenye pamba, ile ya kusafishia vidonda, gusa doa na ufute. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano. Kwa lamineti haina shida, ila kwa mbao za vanishi ya zamani spiriti inaweza kufifisha mng'ao, na pamba ikianza kuchukua rangi ya vanishi yenyewe, acha mara moja. Spiriti inashika moto upesi, kwa hiyo fungua dirisha na pasiwe na mshumaa wala jiko karibu.

Juisi ikimwagika tena, na kwa mtoto itamwagika, usifute kwanza. Weka kitambaa kikavu juu na ubonyeze, kiinywe. Ukifuta moja kwa moja unaisukuma kwenye viungo viwili vitatu ambavyo ilikuwa haijavifikia. Hivyo hivyo kwa uji, soda, na mvinyo wa zabibu zetu.

Kuna vitu vinavyonata ambavyo maji hayavisaidii. Bigijii na nta ya mshumaa wa usiku umeme umekatika vinataka baridi: vipande vya barafu ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, viweke juu dakika tano, nta itakuwa ngumu na kadi itaing'oa. Gundi ya selotepu inataka mafuta. Paka mafuta ya kula kidogo kwa kidole, acha dakika kumi, futa, kisha uondoe mafuta yale kwa kitambaa chenye tone moja la sabuni ya vyombo na umalizie kwa maji matupu.

Tuje kwenye alama nyeusi za viti. Kabla ya kugusa chochote, pitisha ukucha juu yake kwa kukatisha. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hiyo si mkwaruzo, ni raba ya mguu wa kiti iliyobaki juu ya sakafu, na itatoka yote. Ukucha ukikwama, kitu kimeondolewa kwenye ngozi ya sakafu, na hakuna cha kusafisha hapo. Watu huumiza sakafu zao kwa kusugua mkwaruzo wakidhani ni uchafu, na wanausugua hadi unakuwa mpana.

Kwa raba, chukua kifutio cheupe cha penseli, kile laini cha wanafunzi, na usugue taratibu kufuata mbao. Makombo yafagie. Zaidi ya nusu ya alama zitatoka bila tone la maji. Zilizogoma, futa kwa pamba yenye spiriti, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Dawa ya meno, ambayo wengi huambiana, iache. Ina chembe za kusugua ndani, na kwenye sakafu yenye mng'ao inaacha kiraka kilichofubaa. Hata vile vifutio vyeupe vya sponji vinavyouzwa madukani ni msasa laini, kwa hiyo vinafaa kwa mguso mmoja mwepesi kwenye sakafu isiyong'aa, si zaidi.

Mkwaruzo halisi unaweza kuufunika kwa penseli ya nta ya rangi ya mbao kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Unajaza, unakwangua ziada kwa kadi, unafuta. Halafu shughulikia chanzo: ondoa zile raba nyeusi za miguu ya viti na ubandike vipande vya kitambaa kizito chini yake. Vikague kila mwezi, kwa sababu hapa kwetu vinashika mchanga na vikishajaa mchanga vinakuwa brashi ya kukwaruzia.

Kuna vitu viwili vya kwetu ambavyo lazima niviseme. Mafuta ya taa na polishi nyekundu vilikuwa sahihi kwenye sakafu ya saruji ya bibi zetu, maana saruji inavinywa. Lamineti hainywi. Vitabaki juu, vitateleza, mzee ataanguka, na vumbi litaganda juu yake. Kama mpangaji aliyekutangulia alipaka na sakafu inaonekana na mawingu, futa eneo dogo dogo kwa kitambaa chenye matone mawili yale ya sabuni, kausha, rudia siku tatu nne mpaka iishe. Kama mawingu ni ya utando wa maji magumu, kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye nusu lita ya maji kitautoa kwa lamineti. Tumia mara moja kisha pitisha maji matupu, na kwenye mbao za vanishi usiifanye tabia. Siki na jiki visikutane kamwe, si kwenye chupa wala kwenye kitambaa, kwa sababu vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mashine za mvuke nazo hapana. Mvuke unaingia kwenye viungo kwa nguvu kuliko maji.

Ndoo ikipinduka, au maji ya mvua yakiingia chini ya mlango mwezi wa Januari, kimbilia taulo kavu na ukaushe viungo kwa kubonyeza, si kwa kufuta. Elekeza feni hapo usiku kucha. Kama maji yalikuwa mengi hadi yakafika ukutani, mwambie mwenye nyumba aite fundi atoe sketi za mbao za ukutani siku hiyohiyo, ili chini pia papumue. Pasi na dryer ya nywele usilete karibu, joto la ghafla linafungua gundi.

Mwisho kuna jambo la kufanya leo, kwa kuwa wewe ni mpangaji. Asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, inama na uangalie sakafu kwa usawa wa mbao, kisha pitisha kiganja juu ya viungo vya karibu na mlango wa jikoni, mlango wa nje na pale pa ubuyu. Kiungo kilichovimba unakisikia kama tuta dogo, kingo mbili zimenyanyuka. Ukikuta tuta, piga picha yenye tarehe na umtumie mwenye nyumba kabla hujaanza kusafisha, ili ajue kilikuwepo. Kisha baada ya wiki mbili za kusafisha kwa chupa, rudi kwenye viungo vilevile kwa kiganja. Tuta la zamani litabaki lilivyo. Ukikuta jipya, bado kuna maji yanasimama mahali fulani, na mara nyingi nimeyakuta chini ya kapeti la mlangoni linalowekwa likiwa bichi baada ya kufuliwa.